Maneno yamepewa mtu mwingine: kurekebisha majina ya wasemaji pale watu wanapoongea kwa pamoja

Transkripti ya kikao ambacho kila mtu anasubiri mwenzake amalize haina shida kubwa, programu itaweka majina na utapita mara moja umemaliza. Shida iko pale wawili wanapoongea kwa wakati mmoja, hapo ndo maneno yanahama, mengine yanapotea kabisa, na wakati mwingine anatokea msemaji ambaye hata hakuwepo kwenye kikao. Ntaenda dalili kwa dalili, na ntakaa sana kwenye ile ya kwanza maana ndo inayopotosha maana ya kikao na watu wengi hawaioni, sentensi inasomeka vizuri tu kumbe nusu yake ni ya mtu mwingine.

Kabla ya kugusa kitu elewa kwamba transkripti yenye majina inatengenezwa na kazi mbili tofauti ambazo zinaunganishwa mwishoni. Kazi ya kwanza ni ya programu inayosikiliza nani anaongea saa ngapi, hii haijui maneno kabisa, inatoa ratiba tu, msemaji fulani alianza hapa akaendelea kwa sekunde kadhaa. Kazi ya pili ni ya programu inayoandika maneno, na hii haijui watu, inaandika mfululizo mmoja wa maneno na kila neno lina muda wake wa kuanza na kuisha. Alafu kuna hatua ya kuunganisha, ambayo inachukua kila neno inaangalia ratiba na kuuliza ni nani alikuwa anaongea muda huo. Kwa hiyo kosa lolote la jina lazima liwe kwenye mojawapo ya sehemu nne: rekodi yenyewe, ratiba, maneno, au kuunganisha. Ukianza kubadilisha setting za ratiba wakati kosa liko kwenye kuunganisha utapoteza siku nzima.

Natumia mfano wa pyannote kwa ratiba na Whisper kwa maneno kwa sababu ndo zinatumika sana na ni za bure, lakini hata kama unatumia huduma ya kulipia mara nyingi ndani yake kuna hatua hizo hizo.

Dalili ya 1: sentensi ya mtu mmoja ina maneno ya mtu mwingine ndani yake

Chukua kikao cha watu wanne, maiki moja katikati ya meza. Transkripti imetoka hivi:

```
MWENYEKITI: kwa hiyo tunapitisha hii bajeti hapana hiyo ni ya
mwezi uliopita kama ilivyo na wiki ijayo tunaanza manunuzi
```

Ukiisoma haraka unaweza kudhani mwenyekiti kajirekebisha mwenyewe, yani kikao kimepitisha bajeti ya mwezi uliopita. Sasa fungua faili la ratiba, lile la RTTM, tafuta muda huo. Kila mstari una muda wa kuanza kwa sekunde, alafu urefu (siyo muda wa kuisha, hapo watu wanachanganya sana), alafu lebo ya msemaji:

```
SPEAKER mkutano 1 754.20 9.10 <NA> <NA> SPEAKER_00 <NA> <NA>
SPEAKER mkutano 1 757.00 2.30 <NA> <NA> SPEAKER_02 <NA> <NA>
```

SPEAKER_00 ni mwenyekiti, ameongea kuanzia 754.20 mpaka 763.30. SPEAKER_02 ni mhasibu, ameingia 757.00 ametoka 759.30, na muda wote huo mwenyekiti naye anaendelea. Kwa hiyo ratiba iko sawa kabisa, imeona kwamba kuna watu wawili. Usiiguse.

Angalia sasa muda wa maneno. "bajeti" limeisha 756.85, "hapana" limeanza 757.05 likaisha 757.45, na "uliopita" limeisha 759.20. Njia ya kawaida ya kuunganisha ni kumpa neno msemaji ambaye ratiba yake inalifunika neno hilo kwa muda mrefu zaidi. Neno "hapana" lina urefu wa sekunde 0.40, mwenyekiti analifunika lote kwa 0.40, mhasibu naye analifunika lote kwa 0.40. Wamelingana. Na kila neno lililoko ndani ya zile sekunde 2.30 litalingana hivyo hivyo, hakuna namna, kwa sababu wote wawili walikuwa wanaongea. Programu inapokuta sare inachagua yeyote kwa utaratibu wake, mara nyingi aliyetangulia kwenye orodha, na hapa akachaguliwa mwenyekiti. Hiki ndo kiini cha tatizo lote: wakati watu wanaongea pamoja, muda hauwezi kukuambia neno ni la nani, hata ratiba iwe sahihi kwa asilimia mia. Ushahidi lazima utoke sehemu nyingine.

Kuna dalili inayofanana na hii lakini sababu yake ni nyingine, kwa hiyo itenganishe mapema. Ikiwa transkripti yako inaweka jina kwa kila mstari mzima badala ya kila neno, basi jibu la katikati litamezwa hata kama hakukuwa na sare yoyote, maana mstari wa sekunde tisa unapewa mwenye muda mrefu na mwenye sekunde mbili anafutika. Utaijua kwa kuangalia faili la maneno: kama kuna muda kwa mistari tu na maneno hayana muda wake, hiyo ndo sababu. Kwenye Whisper ya kawaida unaomba muda wa kila neno hivi:

```
whisper mkutano.wav --language sw --word_timestamps True --output_format json
```

Ukishapata muda wa maneno unganisha upya, na mistari mingi itajinyoosha yenyewe. Zitakazobaki ni zile za sare.

Sasa turudi kwenye sare yetu. Ushahidi wa kwanza ni sarufi, na kwenye Kiswahili tuna bahati kubwa hapa kwa sababu upatanisho unafichua mwenye sentensi. Mtu akianza na "vifaa" alafu kuna maneno ya ajabu katikati alafu "vifike kabla ya Ijumaa", ile vi- inakuambia sentensi ya kwanza imeendelea na katikati ameingia mtu. Kwenye mfano wetu, "tunapitisha hii bajeti" na "kama ilivyo na wiki ijayo tunaanza manunuzi" zinaungana bila tatizo, ule tu- unaendelea, halafu katikati kuna "hapana" ambayo inapinga kile kile kilichosemwa sekunde moja kabla. Mtu anayepitisha bajeti hasemi hapana alafu akaendelea kuipitisha kama vile hakuna kitu. Hilo tayari linakuonyesha kwamba kuanzia "hapana" mpaka "uliopita" ni ya aliyeingia.

Ushahidi wa pili ni urefu. Mtu anayeongea kawaida anatoa maneno mawili matatu kwa sekunde. "hapana hiyo ni ya mwezi uliopita" ni maneno sita ndani ya sekunde 2.30, inaingia vizuri. Lakini ratiba ingesema mhasibu ameongea sekunde 0.50 tu, maneno sita yasingeweza kuwa yake, pale pengine alisema "ehee" au "sawa" na maneno ya mwenyekiti ndo yaliyoandikwa. Hii tofauti ni muhimu kwa sababu watu wengi wakishagundua shida ya sare wanaandika kanuni moja kwamba sare yote apewe aliyeingia mwisho, na kanuni hiyo inasaidia kweli, aliyekatiza mara nyingi anaingia na sauti ya juu na mwandishi wa maneno, yani ile programu ya pili, anamfuata yeye, lakini inaharibu kila sehemu ambayo mtu aliitikia tu. Mimi kanuni hiyo naiwekea sharti: itumike pale tu aliyeingia ana zaidi ya sekunde moja, chini ya hapo neno linabaki kwa aliyekuwa na zamu.

Ushahidi wa tatu ni sikio lako, na huu ndo unaokata shauri. Kata kipande kidogo uanzie sekunde mbili kabla:

```
ffmpeg -ss 755 -t 6 -i mkutano.wav kipande.wav
```

Vaa hedfoni, sikiliza mara ya kwanza ukimfuata mwenyekiti peke yake, rudia ukimfuata mhasibu peke yake. Usijaribu kuwasikia wote kwa mpigo mmoja, utaishia kusikia yule mwenye sauti kubwa kama programu ilivyofanya. Ikiwa wanaongea haraka fungua kipande kwenye Audacity upunguze mwendo kwa amri ya Change Tempo, hiyo haibadilishi unene wa sauti kwa hiyo bado utamtambua mtu.

Na hapa ndo utagundua kitu ambacho kwenye maandishi hakikuonekana kabisa. Ukimfuata mwenyekiti unasikia kwamba hakunyamaza wakati mhasibu anaongea, chini chini alikuwa anasema "ya mwezi huu". Mwandishi wa maneno anatoa mfululizo mmoja tu, kwa hiyo alipomfuata mhasibu akamwacha mwenyekiti. Maana yake hata kama ungehamisha "hapana hiyo ni ya mwezi uliopita" kwenda kwa mhasibu bado transkripti ingekuwa na pengo. Sahihi ni hivi:

```
MWENYEKITI: kwa hiyo tunapitisha hii bajeti [ya mwezi huu] kama
ilivyo, na wiki ijayo tunaanza manunuzi
MHASIBU: [hapana, hiyo ni ya mwezi uliopita]
```

Mabano ya mraba yanaonyesha maneno yaliyosemwa kwa wakati mmoja, ni utaratibu ambao watu wa uchambuzi wa mazungumzo wanautumia tangu enzi za Gail Jefferson, na ninaupenda kwa sababu sentensi ya kila mtu inabaki nzima na msomaji bado anajua wapi waligongana. Na angalia maana ilivyogeuka, mwanzo ilionekana mwenyekiti amepitisha bajeti ya mwezi uliopita, kumbe kapitisha anayoamini ni ya mwezi huu na mhasibu kapinga na hakuna aliyemjibu. Hicho kitu lazima kionekane kwenye kumbukumbu za kikao.

Huwezi kusikiliza kikao cha saa mbili chote namna hii na huna haja. Itoe orodha ya sehemu zilizogongana kutoka kwenye RTTM, usikilize hizo tu:

```python
rows = []
for line in open("mkutano.rttm"):
    f = line.split()
    a = float(f[3])
    rows.append((a, a + float(f[4]), f[7]))
rows.sort()
for i, (a1, b1, s1) in enumerate(rows):
    for a2, b2, s2 in rows[i+1:]:
        if a2 >= b1:
            break
        if s1 != s2:
            print(round(a2, 2), round(min(b1, b2), 2), s1, s2)
```

Anza na migongano inayozidi sekunde moja, ndo yenye sentensi ndani yake. Zile fupi fupi nyingi ni kuitikia au mtu kaanza kabla mwenzake hajamaliza silabi ya mwisho.

Kama orodha imetoka tupu kabisa na wewe mwenyewe unakumbuka watu walikuwa wanakatizana, basi programu yako ya ratiba hairuhusu watu wawili kwa wakati mmoja, zipo za hivyo nyingi, zinalazimisha kila sekunde iwe na mtu mmoja. Hapo hakuna setting ya kukusaidia, badilisha programu.

Dalili ya 2: maneno hayapo kabisa, unakumbuka mtu alisema kitu lakini hakuna kwa jina lolote

Hapa swali la kwanza ni moja tu: je kwenye rekodi yanasikika? Kata kipande usikilize. Majibu mawili yanakupeleka njia mbili tofauti kabisa.

Yanasikika. Basi ni kile kile cha mwenyekiti na "ya mwezi huu", mwandishi wa maneno kafuata sauti moja. Kama maneno ni machache andika kwa mkono, ni haraka kuliko njia nyingine yoyote. Kama ni mengi angalia ikiwa rekodi yako ina chaneli zaidi ya moja, kwa sababu inawezekana umekaa juu ya dawa na hujui:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=channels,sample_rate mkutano.m4a
```

Ikisema channels=2 usifurahi bado, mara nyingi ni sauti ile ile imenakiliwa kushoto na kulia. Toa moja kutoka kwa nyingine uone kinachobaki:

```
ffmpeg -i mkutano.m4a -af "pan=mono|c0=0.5*c0-0.5*c1" tofauti.wav
```

Faili la tofauti likiwa kimya au karibu na kimya, chaneli ni moja iliyonakiliwa na hakuna cha kupata. Likiwa na sauti za watu, maiki mbili zilisikia vitu tofauti, kwa hiyo zitenganishe na uandike maneno ya kila moja kivyake:

```
ffmpeg -i mkutano.m4a -af "pan=mono|c0=c0" kushoto.wav
ffmpeg -i mkutano.m4a -af "pan=mono|c0=c1" kulia.wav
```

Aliyekaa karibu na maiki ya kulia atasikika zaidi kwenye ya kulia, na mwandishi wa maneno atamfuata yeye hapo. Ukipitisha faili la chaneli mbili moja kwa moja kwenye hizi programu zinazichanganya kuwa moja kabla ya kuanza kazi, kwa hiyo ile faida inakufa kimya kimya bila ujumbe wowote wa kosa. Ndo maana nasema angalia chaneli kabla ya kubadilisha faili.

Hayasikiki. Hii inatokea sana kwenye vikao vya mtandaoni na vya simu yenye spika ya mezani. Vifaa hivi vina kinga ya mwangwi, ili sauti inayotoka kwenye spika isirudi kwenye maiki, na watu wawili wakiongea pamoja kinga hiyo inaweza kumpunguza mmoja mpaka akakatika. Utamtambua kwa jinsi anavyokatika: siyo kwamba amefunikwa na sauti ya mwenzake, ni kama mtu anamzima na kumwasha, silabi moja ipo, mbili hazipo, alafu anarudi kamili mara tu mwenzake anaponyamaza. Maneno hayo hayakurekodiwa, na hakuna programu ya kusafisha sauti itakayoyarudisha. Andika `[mhasibu anaongea, haisikiki]` na muda wake, umuulize mwenyewe kama bado inawezekana. Kwa kikao kijacho tafuta kwenye programu ya mikutano sehemu ya kurekodi kila mshiriki kwenye faili lake, Zoom kwa mfano inayo kwenye rekodi ya kwenye kompyuta yako. Na wale wanaotumia spika wavae hedfoni, kinga ya mwangwi ikikosa mwangwi wa kuzuia haina sababu ya kumkata mtu.

Kuna kikomo kingine ambacho ni vizuri ukijue. Modeli ya pyannote inayogawa sauti, segmentation-3.0, inasikiliza vipande vya sekunde 10 na imejengwa kutambua wasemaji wasiozidi watatu ndani ya kipande, na wasiozidi wawili kwa wakati mmoja. Watu watatu wakiongea pamoja mmoja hatakuwepo kwenye ratiba, siyo kwamba umekosea setting. Kwa hiyo sehemu ambazo kikao kilichemka, watu wote wanaongea, zisikilize mwenyewe bila kuangalia ratiba inasemaje.

Dalili ya 3: kikao kilikuwa na watu wanne, transkripti ina watano au sita

Jumlisha muda wa kila lebo kwenye RTTM. Msemaji wa kweli hata awe mkimya namna gani mara nyingi atakuwa na sehemu angalau moja anayoongea peke yake. Msemaji hewa ana jumla ndogo, vipande vyake ni vifupi, na ukilinganisha na orodha yako ya migongano utaona vimelala ndani au pembeni kabisa ya migongano hiyo. Sababu ni kwamba programu inatambua mtu kwa kupima tabia za sauti yake kwenye kipande, na kipande chenye sauti mbili kinatoa kipimo ambacho hakifanani na yeyote kati ya hao wawili, kwa hiyo kinaundiwa kundi lake. Pyannote inajaribu kuruka sehemu zilizogongana inapochukua kipimo, lakini kama mtu aliongea sekunde moja na yote iko ndani ya mgongano hakuna sehemu safi ya kupima. Kicheko na kikohozi vinafanya hivyo hivyo.

Dawa rahisi ni kumwambia idadi:

```python
diarization = pipeline("mkutano.wav", num_speakers=4)
```

Tumia hii ikiwa una uhakika wote wanne waliongea. Kama mmoja alikaa kimya kikao kizima na wewe umelazimisha wanne, programu itampasua mtu mmoja kuwa wawili ili ifikishe idadi, na hilo ni baya kuliko msemaji hewa. Usipokuwa na uhakika weka `min_speakers=3, max_speakers=4`. Alafu rudi uangalie yule hewa amepelekwa wapi, kwa sababu vipande vyake havijafutwa, vimegawiwa kwa watu wa kweli na siyo lazima kwa mwenyewe. Vilikuwa vichache, visikilize vyote.

Kinyume chake, watu wawili kuwa lebo moja, mara nyingi ni sauti zinazofanana au maiki iko mbali na wote. Ukilazimisha idadi na bado hawaachani, usiendelee kupigana na setting. Fungua rekodi kwenye ELAN, mpe kila mtu mstari wake, na ugawe lebo hiyo moja kwa mkono. ELAN imetengenezwa kwa kazi hii hasa, kila msemaji ana mstari wake unaojitegemea kwa hiyo maneno yanaweza kulala juu ya mengine bila kusukumana, kitu ambacho faili la kawaida la maandishi haliwezi.

Dalili ya 4: sentensi moja imetokea mara mbili kwa majina mawili

Hii utaiona kwenye rekodi ambazo kila mtu ana maiki yake. Watu wanadhani kila faili likiwa na mtu wake shida imeisha, kumbe kama wamekaa chumba kimoja maiki ya katibu inamsikia mhasibu pia, na mwandishi wa maneno anaandika chochote anachosikia. Ukiona maneno yale yale au yanayokaribiana kwenye mafaili mawili, muda wake ukiwa karibu sawa, angalia wimbi la sauti la mafaili hayo Audacity moja juu ya jingine. Mwenye maneno ni yule ambaye kwenye faili lake sauti ni kubwa zaidi na imefika mapema. Sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita moja mbali zaidi inachelewa karibu milisekunde 3, ukivuta picha karibu inaonekana. Sharti ni kwamba mafaili yameanza kwa wakati mmoja, yakiwa yamerekodiwa na simu tofauti sahau habari ya kuchelewa, tumia ukubwa wa sauti peke yake.

Kwenye kikao cha mtandaoni muda unachelewa zaidi, sehemu ya sekunde kabisa, maana sauti ilizunguka mtandaoni ikatoka kwenye spika ya mtu ikaingia kwenye maiki yake. Ile ya baadaye ni mwangwi, futa.

Lakini usifute kwa kufuata maneno peke yake. Watu wawili wanaweza kweli kusema "sawa sawa" kwa pamoja, na hapo kila faili litakuwa na sauti kubwa kwa mtu wake. Hao waache wote.

Dalili ya 5: kuanzia dakika fulani majina yote yamebadilishana

Uliza kwanza kama rekodi ilikatwa vipande kabla ya kupitishwa. Lebo SPEAKER_00 haina maana yoyote nje ya faili lake, kwenye kipande cha pili anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Pitisha ratiba kwenye rekodi nzima, hata kama maneno unayaandika kwa vipande, alafu ongeza muda wa kuanza wa kila kipande kwenye maneno yake ili vikutane. Vipande vikianza katikati ya mgongano ni mbaya zaidi, kata kwenye ukimya.

Kama faili ni moja na bado yanabadilishana, tatizo liko kwenye ulivyompa mtu jina. Usimtambue mtu kwa sentensi yake ya kwanza maana mwanzo wa kikao ndo watu wanasalimiana wote kwa pamoja. Kwa kila lebo tafuta kipande cha sekunde 10 na zaidi ambacho hakimo kwenye orodha ya migongano, sikiliza, ndo uandike jina. Chukua kimoja cha mwanzoni na kimoja cha mwishoni mwa kikao. Vikiwa ni watu wawili tofauti, hiyo lebo imebeba watu wawili na unarudi kwenye ELAN kuigawa.

Na pale ambapo umesikiliza kwa hedfoni, umepunguza mwendo, umeangalia sarufi na bado hujui neno ni la nani, andika `[msemaji hajulikani]` na muda, uliache hivyo, mtu aliyekuwepo kwenye kikao anaweza kulijaza baadaye lakini jina ulilobahatisha hakuna atakayejua kwamba lilibahatishwa.